Kipindi cha uhakika cha 95%: jibu A au jibu B?

Zoezi linasema: paketi 36 za sukari zimepimwa, wastani ni gramu 998, mkengeuko sanifu gramu 12. Kosa sanifu ni 12/√36 = 2, na kipindi cha uhakika cha 95% ni takriban 994 hadi 1002. Swali: kipindi hiki kinamaanisha nini?

Jibu A: "Kuna uwezekano wa 95% kwamba wastani wa kweli uko kati ya 994 na 1002."

Jibu B: "Tukichukua sampuli nyingi kwa njia hii, takriban 95% ya vipindi vitakavyopatikana vitakuwa na wastani wa kweli ndani yake."

Alama ziende kwa B. A linavutia, lakini katika nadharia ya mwanatakwimu Jerzy Neyman ya 1937 wastani wa kweli haubadiliki; kinachobadilika kwa kila sampuli ni kipindi. Kikishakokotolewa, ama kimeunasa ama kimeukosa. Ile 95% ni sifa ya njia.

Wapo pia wanaoandika kwamba 95% ya paketi zina uzito wa kati ya gramu 994 na 1002. Hilo ni baya zaidi: kwa mkengeuko wa gramu 12, paketi nyingi zitaangukia nje ya 994–1002.