Bloki, weji na stileto: nilivyoviona kwenye pevingi zilizonyanyuka

Nianze na viatu vya kisigino cha bloki maana ndo vinavyosifiwa sana, kila mtu atakwambia chukua bloki wewe, kisigino kipana hakiumizi. Hapo kuna mambo mawili yamechanganywa. Upana wa kisigino unakusaidia usiyumbe, sawa, lakini yale maumivu ya mbele ya unyayo, pale chini ya vidole panapowaka moto, hayaangalii kisigino ni kinene au chembamba, yanaangalia nyuma umeinuliwa kiasi gani kuliko mbele. Basi.

Mi nina pea tatu navaa kwa kupokezana na zote nimezipima kwa rula. Bloki nyuma ni sentimita 8 na mbele soli ni nyembamba, kama nusu sentimita, kwa hiyo tofauti ni 7.5. Stileto, ile ya kisigino chembamba chenye ncha, nayo hivyohivyo, 8 nyuma na nusu mbele. Weji sasa, ile ambayo kisigino na soli ni kipande kimoja, ukiitazama ndo ndefu kuliko zote, nyuma ni 9, ila mbele ina pletifomu, yaani soli nene, ya 3.5 kwa hiyo mguu wenyewe umeinama kwa 5.5 tu. Na miguu inasema vilevile kama rula, bloki na stileto zinaanza kuniuma sehemu ileile, chini ya shina la kidole gumba na la kile kinachofuata, wakati weji naweza kushinda nayo nimesimama na bado naongea na watu vizuri. Kisigino kikipanda uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele, na mbele wenyewe unaelemea zaidi upande wa kidole gumba, kwa hiyo pale ndo panapopata sugu.

Stileto imezidi bloki kidogo kwa maumivu lakini si kwa sababu ya kisigino, ni kwa sababu yangu imechongoka mbele, vidole vinabanwa, halafu soli nyembamba kila kokoto unalisikia. Bloki ikiwa imechongoka vilevile itakubana vilevile. Kitu kilichonisaidia kwenye bloki ni mkanda wa kuzunguka kifundo, maana kwenye mteremko ule mguu unateleza kwenda mbele na kujigonga kwenye ncha, mkanda unaurudisha nyuma. Vile vipedi vya jeli vya kuweka mbele vinapunguza ukali ila vinakula nafasi, kama kiatu kilikuwa kinakukaa sawasawa kitaanza kubana, kwa hiyo mi naviweka kwenye kiatu kilicholegea tu.

Haya tuje kwenye kutembea, na hapa stileto haina cha kujitetea. Ncha ya kisigino changu ni kama sentimita 1 kwa 1. Chukulia mtu wa kilo 60, kuna sekunde kwenye kila hatua uzito karibu wote unatua pale, yaani kilo 60 kwenye sentimita moja ya mraba, wakati bloki ya 4 kwa 4 inazigawa kwenye sentimita 16 inakuwa chini ya kilo 4 kwa kila moja. Ndo maana stileto inazama kwenye udongo laini, kwenye nyasi, hata kwenye lami iliyolainika na jua. Na kwenye pevingi shida ni ile mifereji kati ya tofali na tofali, mchanga ukishatoka katikati ncha inaingia kabisa, wewe unaendelea na safari kiatu kimebaki. Vifuniko vya mitaro vyenye matundu ndo usiseme. Ukilazimika kupita, kanyaga na sehemu ya mbele ya mguu peke yake, kisigino kisiguse, fupisha hatua. Na kifundo kikiwa kimenyooshwa kwenda chini namna ile mfupa unalegea kwenye nyumba yake, haushikwi vizuri kama ukiwa umesimama miguu tambarare, ndo maana ukiwa juu ya stileto kokoto dogo tu linatosha kukutegua.

Sasa weji, ambayo nimeisifu hapo juu, kwenye njia mbovu ndo iliyonishangaza. Kwenye sakafu ni raha tupu, inagusa chini kuanzia mbele mpaka nyuma, huwezi kuyumba. Lakini pevingi ikinyanyuliwa na mzizi wa mti inaacha ukingo kama wa sentimita 2 hivi, na weji ikitua ukingo ukiwa katikati ya soli basi umekanyaga bembea, mbele iko hewani au nyuma iko hewani, na kiatu hakikunjiki hata kidogo. Bloki na stileto pale katikati chini ya upinde wa mguu kuna uwazi, ukingo uleule unapita chini ya kiatu wala hujui kama ulikuwepo. Ongeza na ile pletifomu, husikii ardhi, mpaka ujue umekanyaga vibaya mguu umeshaanza kugeuka, na kwa vile uko juu unageuka kwa nguvu.

Kama bado unataka weji kwa ajili ya njia kama hizo angalia mbele pamejikunja kwenda juu kidogo, iweke mezani uone kama unaweza kupitisha kidole chini ya ncha. Ikiwa imelala mbele moja kwa moja utakuwa unajikwaa maana soli haikunjiki na hauna pa kubingirishia hatua. Halafu iwe nyepesi, nzito inachosha mapaja.

Bloki nayo ina kasoro yake kwenye vishimo, ule upana wenyewe. Kingo ya nje ikitua juu ya jiwe na ya ndani ikabaki hewani kiatu chote kinalala upande. Ila unapata muda wa kujirekebisha, inalala taratibu na unaisikia, si kama stileto ambayo ikipinda imepinda. Kwa njia mbaya mi nachukua bloki ya sentimita 5 au 6, hapo hata mbele panapumua.

Lakini bloki hazilingani. Dukani weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma, kisigino kisimame wima kisiegemee upande wowote, halafu bonyeza kwa kidole ndani pale kisigino cha mguu kinapokaa. Kikicheza au mbele ikinyanyuka, rudisha. Angalia pia kisigino kimefungwa wapi, kiwe chini ya katikati ya kisigino chako, kuna vilivyosukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya mtindo na ukivaa unasikia kama soli ya katikati inabonyea. Shika mbele na nyuma ujaribu kukikunja, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia tu, kikikunjika katikati basi kile chuma cha ndani ni laini au hakipo na kisigino kitakuwa kinacheza kila hatua.

Na kile kiraba cha chini ya kisigino ukikiona kimelika upande mmoja, wengi wetu ni upande wa nje kwa nyuma, mpelekee fundi viatu abadilishe kabla hakijafika kwenye kisigino chenyewe, maana bloki iliyolika kwa pembeni tayari imekulaza upande wa nje hata kabla hujakutana na pevingi. Mwambie aweke raba ngumu kidogo ila isiwe plastiki ile inayong'aa, ikilowa inateleza. Na abadilishe zote mbili hata kama moja bado nzima.