Miwani ya kusomea ya dukani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Dada yangu ni fundi cherehani, ana miaka 52. Dukani alichagua miwani ya +3.00 kwa sababu ilimkuzia herufi kuliko zote. Alipofika kwenye cherehani, ikabidi ainamie sindano mpaka shingo ikauma. Kwa mtu anayeona mbali vizuri, gawanya 100 kwa namba ya lenzi: jibu ni umbali wa sentimita ambao ukiuvuka, ukungu unaanza. Kwa +3.00 ni sentimita 33, kwa +2.00 ni 50. Sindano yake ilikuwa sentimita 45 kutoka machoni. Alipobadilisha akachukua +2.00, akashona akiwa ameketi wima.

Kwa hiyo nenda dukani ukijua umbali wa kazi yako, anza na namba ndogo, panda kidogo kidogo, na usimame kwenye ya kwanza inayokusomesha bila kukaza macho.

Naiweka ya kwanza miwani ya kawaida yenye namba moja na lenzi pana. Ya pili ni ile nyembamba ya nusu, inayofaa anayeinua macho mara kwa mara kutazama mbali. Ya mwisho ni ile yenye namba kadhaa ndani ya lenzi moja. Sehemu zake za kuonea ni finyu, na zinatakiwa zipangwe kwa vipimo vya uso wako. Ya dukani haikupimwa kwa ajili yako. Kama unatumia kompyuta pia, ni afadhali miwani ya pili yenye namba ndogo zaidi. Rangi ya kuzuia mwanga wa buluu usiilipie; uchovu wa macho hauiondoi.

Ubora wa lenzi unaukagua mwenyewe. Inyooshe miwani mbele yako, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi, kisha isogeze polepole. Mstari ukipinda kidogo pembezoni ni kawaida, lakini ukitetemeka kama maji katikati, irudishe. Halafu simama mbali na dirisha, elekeza lenzi huko, na usogeze karatasi nyuma yake mpaka taswira ya dirisha itulie. Lenzi ya +2.00 itaituliza karibu na sentimita 50. Lenzi mbili zikitoa umbali tofauti, namba iliyoandikwa si ya kweli. Jua usilitumie, karatasi itaungua.

Miwani hii ina lenzi mbili za namba sawa, na hairekebishi astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawa, linaloona picha zikiwa na ukungu. Funika jicho moja, kisha jingine: likiwepo linaloona vibaya zaidi, kapime macho. Kapime pia ukiwa na kisukari, au katika familia kuna presha ya macho, ambayo huiba uoni bila maumivu. Mistari iliyonyooka ikianza kuonekana imepinda hata bila miwani, au ukaona vimulimuli au pazia la ghafla, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.