Saa Janja Iliyotumika: Kagua Kufuli la Akaunti Kabla ya Kulipa

Watazamaji wapenzi, saa iliyo mbele yangu ni Apple Watch iliyokwisha kutumika na mtu mwingine. Leo sitaipima kwa mikwaruzo ya kioo wala kwa nguvu ya betri, kwa kuwa tatizo nililokutana nalo siku ya kuinunua halionekani kwa macho. Muuzaji alinikabidhi saa ikiwa inaonyesha ukurasa wa kuchagua lugha, kama saa mpya kabisa, akaniambia kwa nia njema kwamba ameshafuta kila kitu.

Alikuwa amefuta kweli. Aliingia Settings, kisha General, kisha Reset, akachagua Erase All Content and Settings, na data zake zote zikaondoka. Kilichobaki ni kufuli la akaunti, ambalo kwenye kioo huitwa Activation Lock. Kufuli hili hujiwasha lenyewe pale simu iliyounganishwa na saa inapokuwa imewasha Find My, huduma ya Apple ya kutafuta vifaa vilivyopotea, na kumbukumbu ya kufuli hilo hukaa kwenye seva za Apple, wala si ndani ya saa peke yake. Ndiyo maana kuifuta saa hakulifungui. Hata mtu asiyejua namba ya siri anaweza kuiweka saa kwenye chaja na kuifuta kwa vitufe vyake vya pembeni, kwa hiyo ule ukurasa safi wa lugha hauthibitishi kwamba aliyeishika ndiye mwenye mali.

Kipimo cha kuaminika ni kuiunganisha saa na simu yako mwenyewe, muuzaji akiwa bado yuko nawe. Nendeni na iPhone ambayo programu yake inaendana na saa hiyo, intaneti inayofanya kazi, na chaja ya saa. Mimi niliisogeza simu karibu na saa, nikailenga kamera kwenye mchoro unaozunguka juu ya kioo, nikachagua kuiandaa kwa matumizi yangu. Hatua chache baadaye simu ikanieleza kwamba saa hiyo imefungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, ikataka anwani na nenosiri la akaunti hiyo. Laiti ningelipa kwa kuutazama ule ukurasa wa mwanzo tu, ningerudi nyumbani na saa nisiyoweza kuitumia.

Hapo nawasihi msikubali njia ya mkato. Muuzaji asiwatajie nenosiri lake, nanyi msiingize akaunti yake kwenye simu zenu, kwa maana kinachotakiwa ni kuitoa saa kwenye akaunti, na hilo analifanya yeye mwenyewe. Njia iliyo bora ingekuwa kuitenganisha saa kutoka kwenye simu yake kabla ya kuiuza: katika programu ya Watch hugusa All Watches, kisha alama ya i kando ya jina la saa, kisha Unpair Apple Watch, na kuingiza nenosiri pale anapoulizwa. Njia hiyo huifuta saa na kuliondoa kufuli kwa pamoja.

Muuzaji wangu hakuwa tena na simu yake ya zamani, lakini nenosiri alilikumbuka. Kwa kutumia kivinjari alifungua icloud.com/find, akaichagua saa katika orodha ya vifaa vyake, na kwa kuwa ilikuwa imeshafutwa, alichagua kuiondoa kwenye akaunti. Kama saa haijafutwa, huanza kwa kuifuta kutoka ukurasa huohuo, kisha ndipo huiondoa. Nilirudia kuiunganisha tangu mwanzo, na safari hii sikuulizwa akaunti ya mtu yeyote ila yangu.

Je, muuzaji akisema amesahau nenosiri? Mwenye mali halisi anaweza kuwaomba Apple wamfungulie kwa kuwaonyesha uthibitisho wa ununuzi, lakini ombi hilo ni lake, na linapaswa kukamilika kabla hamjalipa. Namba ya utambulisho wa saa peke yake haiwasaidii sana katika jambo hili, kwa sababu ukurasa wa Apple uliokuwa ukimwezesha mtu yeyote kuangalia hali ya kufuli kwa namba hiyo uliondolewa Januari 2017. Na kama kioo kinaonyesha ujumbe kwamba saa imepotea, pamoja na namba ya simu ya kupiga, mimi nisingeendelea na mazungumzo ya bei hata kidogo.

Msiishie njiani mara tu swali la akaunti linapopita. Endeleeni mpaka uso wa saa utokee, kisha fungueni Find My kwenye simu yenu na kuitafuta saa katika orodha ya vifaa vyenu. Yangu ilipojitokeza pale kwa jina langu, ndipo nilipomlipa.