Nililipia mwigizaji mmoja, nikaletewa ukoo mzima

“Dada, punguza maneno. Picha inajieleza yenyewe.”

Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa huduma kwa wateja, baada ya kulipia kifurushi cha mwezi cha programu inayochora fremu za storibodi kutokana na picha moja ya mwigizaji. Jina la programu silitaji, wasije wakapata matangazo ya bure. Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Tulikuwa tunaandaa filamu fupi. Mhusika wetu, Bi Zuhura, ni mjane wa Bagamoyo anayetoka kwake asubuhi kwenda soko la samaki kudai deni la marehemu mumewe. Kila kitu kinatokea siku moja, kwa hiyo vazi ni moja: dera la kijani, kanga moja kiunoni, mwenzake amejitanda kichwani, kandambili miguuni. Anayemwigiza ni mama mtu mzima, ana mikunjo yake ya heshima na kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto. Nilimpiga picha mlangoni kwake, kichwa hadi kiunoni, akitazama kamera.

Fremu ya kwanza, uso wa karibu, ilitoka safi kabisa. Ya pili amekaa barazani, nayo sawa. Balaa lilianza ya tatu, pale kamera inapokaa nyuma yake akitoka uani. Picha niliyoipa programu haikuwa na mgongo wala miguu, basi ikajitungia. Kanga ikageuka kitambaa cha maua yaliyotapakaa, pindo hakuna, mji hakuna, ungedhani ni kitenge cha dukani. Kandambili zikawa viatu vya mikanda. Na kwa kuwa kitufe walichokiweka mbele ni kile cha kuendelea kutoka fremu iliyopita, ya nne ikaichukua ya tatu kuwa ndiyo ukweli, ya tano ikaichukua ya nne, kama mtu anayetoa fotokopi ya fotokopi. Kila hatua ilibakiza kosa la nyuma na kuongeza la kwake. Mpaka Bi Zuhura anafika sokoni, weusi wake umefifia, mikunjo imepigwa pasi, kidoa kimehamia shavu la pili.

Mama mwenyewe alipoona akaniuliza, “Mwanangu, huyu ni mimi au mjukuu wangu?” Watu wakaangua kicheko. Mwongozaji hakucheka.

Nikaandika malalamiko, nikajibiwa hivyo nilivyojibiwa. Picha inajieleza! Picha inaeleza kilichomo ndani yake tu. Kilichobaki nje yake, yaani mgongo, miguu, namna kanga ilivyofungwa nyuma, usipokiandika wewe programu itakibuni, na kila fremu itabuni upya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi ilinyooka nilipofanya kinyume cha ushauri ule. Niliandika aya moja ya utambulisho na kuibandika mwanzoni mwa kila fremu, bila kugusa hata neno:

```
Mwanamke yuleyule wa kwenye picha. Miaka 55, ngozi nyeusi,
mikunjo pembeni mwa macho, kidoa cheusi chini ya jicho lake
la kushoto. Dera la kijani. Kanga mbili zinazofanana: mji wa
njano wenye korosho nyekundu, pindo jeusi pana. Moja imefungwa
kiunoni, nyingine imetandwa kichwani na mabegani. Kandambili
za buluu.
```

Chini ya hapo ndipo inakuja sehemu inayobadilika: kamera iko wapi na karibu kiasi gani, anafanya nini, mwanga unatoka upande gani. Ile ya juu haiguswi, hata kama sikio lako la mwandishi linachoka kurudia. Fremu moja nilipoandika “kanga ya dhahabu” badala ya njano, nikaletewa kitambaa kinachometameta cha harusini. Sisi tunabadilisha maneno ili sentensi ipendeze. Kwa programu hii, neno jipya ni nguo mpya.

Pili, kila fremu naianzisha kwenye picha ya mlangoni, kile kitufe chao nimekisusa. Na kwa fremu za nyuma nilimrudia mama, nikampiga picha ya mgongo na nyingine ya miguu, kisha nikatandika kanga kitandani nikaipiga ikiwa wazi, pindo zote nne zikionekana. Kumbe programu inapokea zaidi ya picha moja! Sehemu ya kuziongezea imefichwa ndani ya menyu ambayo yule kijana angeweza kunielekeza kwa sentensi moja, lakini alikuwa ameshughulika kunifundisha ufupi.

Kuna kitu kimoja hakikukubali, nacho ni jina la kanga. Kila fremu lilitoka herufi za kuokoteza ambazo si lugha ya mtu yeyote, na kwenye mikunjo ndiyo kabisa. Nikaagiza kanga ifungwe hivyo kwamba jina limeingia ndani ya mkunjo, yakaisha. Kwa storibodi inatosha.

Nyuso nazo zina hila yake. Nikiandika “ana huzuni kubwa”, uso mzima unachorwa upya na anakuja binti wa tamthilia analia kwa madaha. Nikiandika “midomo imebanwa, kope zimelegea, kidevu kimeinama kidogo”, anabaki mama yetu, na huzuni inaonekana vizuri zaidi. Fremu moja ilimvalisha miwani, nikaongeza “hana miwani”, ikamletea miwani mikubwa zaidi. Nilipofuta kabisa neno miwani na kuandika “macho yako wazi, yanaonekana yote mawili”, ikaondoka.

Shoti pana ya sokoni sikushindana nayo. Uso pale ni mdogo kiasi kwamba programu haina nafasi ya kuuchora, unatoka kama umeyeyuka. Mtazamaji anamtambua kwa kanga ya njano katikati ya watu, basi nikahakikisha rangi hiyo haijavaliwa na mwingine yeyote pale mnadani, nikaendelea mbele.

Kukagua, nazipanga fremu zote mstari mmoja zikiwa ndogo, natazama vitu vitatu tu: kidoa kiko upande gani, pindo lipo au limepotea, weusi wa ngozi unafifia au umetulia. Kidoa kikihama, mara nyingi fremu nzima imegeuzwa kushoto kulia, na hapo hata mwelekeo anaotembea Bi Zuhura umegeuka. Fremu moja anakwenda sokoni, inayofuata anaonekana anarudi nyumbani bila deni kulipwa. Mpiga kamera akifuata mchoro kama huo siku ya kazi, mtagombana hadi jua lizame.

Sasa nyota. Storibodi tuliyoipata mwishoni ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mwongozaji ameibandika ukutani, na fundi wa mavazi alinunua doti akiifuata ile michoro. Kwa hilo ningepandisha hadi tatu. Hata nne, kwa fremu za uso wa karibu.

Lakini zile fremu za mjukuu zilikatwa pointi zilezile za kifurushi changu kama fremu nzuri, na nilipoomba zirudishwe, alinijibu kijana yuleyule. Safari hii alinitumia kiungo cha video ya mafunzo. Nimeifungua. Mwigizaji wao ni kijana mwembamba mwenye fulana nyeupe isiyo na hata mstari, kila fremu anatazama mbele.

Mbili. Na pointi zangu nazitaka.