Tarakimu au maneno kwenye kichwa cha habari?

Kwa bei, mimi huandika tarakimu bila kusita. "Petroli yapanda kwa Sh150" inasomeka kwa jicho moja. "Yapanda kwa shilingi mia moja na hamsini" inakula mstari mzima. Kiasi kikiwa kikubwa nachanganya: Sh2.5 milioni, maana Sh2,500,000 humlazimisha msomaji ahesabu sifuri. Miaka haina mjadala, ni 2025.

Ugumu uko kwenye idadi. Linganisha "3 wakamatwa na bangi" na "Watatu wakamatwa na bangi". Ile wa- ya "watatu" imeshasema ni watu, neno "watu" halihitajiki tena. Tarakimu inaumeza upatanisho huo, na ikianza kichwa inakaa kama namba ya orodha. Ila ujanja huu una mpaka: moja hadi tano, na nane, hupokea kiambishi, sita, saba, tisa na kumi hazipokei. "Sita wakamatwa" bado inaeleweka kwa sababu ya kitenzi, lakini mimi huongeza: "Watu sita wakamatwa". Kuanzia 11 narudi kwenye tarakimu. "Watu kumi na wawili" ni ndefu mno kwa safu nyembamba.