TAHADHARI: Muuzaji wa reli na bawaba za "316" hapa Lamu, sumaku yake isiwahadae

Jamani watu wa Lamu, Shela, Manda mpaka Mokowe, kama mwajenga ama mwarekebisha nyumba someni hii kabla hamjatuma arubuni. Kuna jamaa yuazunguka akiuza reli za ngazi na dari, bawaba, makomeo na ndoano za bafuni, yote ati stenlesi 316 "ya baharini", stika ya 316 imebandikwa kila kipande. Jina lake silitaji hapa, ila njia anayotumia mtaijua mkimuona, manake kila mahali ni ile ile: atoa sumaku mfukoni, aigusisha kwenye bomba, haishiki, akwambia umeona, hii ni 316 halisi. Watu watuma pesa hapo hapo.

Mimi ni fundi wa vyuma na hii sumaku ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu haidanganyi lakini jibu lake si la swali unalouliza. Stenlesi zinazozunguka sokoni kwetu ni 201, 304, 316 na 430. Hiyo 430 haina nikeli ya maana na sumaku huishika barabara. Zile tatu nyingine, 201 na 304 na 316, zote sumaku haizishiki ama yazivuta kidogo sana. Kwa hivyo akikuonyesha haishiki, amekuthibitishia tu kwamba si 430 wala si chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa. Yaweza kuwa 201, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote tatu. Na kinyume chake pia chatokea, 304 nzuri kabisa ikikunjwa kwenye kona huanza kuvutwa kidogo na sumaku, mtu akaikataa bure.

Tofauti yenyewe iko ndani ya chuma. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi, ambayo yajifanyia utando mwembamba sana juu, hauonekani kwa macho, na ukikwaruzwa wajirudisha wenyewe ukipata hewa. 304 ina kromi kama 18 kwa mia na nikeli kama 8. 201 imepunguzwa nikeli ikawekwa manganizi badala yake ili bei ishuke. 316 ina nikeli kama 10 na zaidi, na juu ya hapo imeongezwa molibdeni kama 2 kwa mia, na hiyo molibdeni ndiyo mnayolipia. Chumvi ya bahari ina kloridi na kloridi hutoboa ule utando kijishimo kijishimo, sasa molibdeni ndiyo inayozuia vile vijishimo visianze na visizidi. 201 mbele ya upepo wa Shela haina kinga hiyo, hata ing'ae namna gani siku ya kwanza.

Nieleze kazi moja niliyoitwa kuangalia. Mama mmoja mwenye gesti Shela, nyumba yatazama bahari, alifungiwa reli ya dari na bawaba za bafu na huyu jamaa. Kaskazi ilikuwa haijaisha vizuri reli ikaanza madoa ya kahawia. Kilichomshangaza ni kwamba upande wa wazi, unaopigwa na mvua, una afadhali, na upande ulio chini ya makuti ndio umeharibika. Wengi hudhani kivulini ndiko salama, kumbe ndiko kubaya, kwa sababu chumvi yaja na upepo inakaa pale, hakuna mvua ya kuisuuza, usiku yavuta unyevu wa hewa inalowa, mchana yakauka, na kila siku chumvi nyingine yaongezeka juu yake. Muuzaji alipopigiwa simu akasema mwaosha kwa dawa kali. Ni kweli dawa za klorini na zile asidi za kusafishia vigae huharibu hata 316, msizitumie kamwe, lakini mama wa watu alikuwa apangusa kwa maji na sabuni tu.

Nilichofanya kwanza nikasugua doa kwa magadi ya kupikia na kitambaa laini (sio steliwulu, ile huacha chembe za chuma zikashika kutu zenyewe). Doa likitoka na chini ukapitisha kidole kukawa laini, hilo ni doa la juu tu, hata 316 karibu na bahari hulipata. Hapa chini kulikuwa na vijishimo, ukucha wakwama. Halafu nikatia tone la ile dawa ya kupimia manganizi, ile yatumika na betri ndogo ya volti 9, ikageuka nyekundu papo hapo, na kwenye kipande changu cha 304 haikugeuka. Basi ni 201. Nikafungua flanji pale reli yaposhikana na sakafu, chini yake ndio kumeliwa kabisa, manake maji ya chumvi yamenaswa mle na hewa haifiki, utando hauwezi kujirudisha. Boliti nazo kichwani hazina alama yoyote, na boliti ya 316 huandikwa A4, ya 304 huandikwa A2.

Sasa mkitaka kununua kwa mtu yeyote, kwenye kwotesheni iandikwe 316, na kama yachomelewa iwe 316L, pamoja na cheti cha kiwandani ambacho namba yake ya mafungu ifanane na ile iliyopigwa kwenye bomba. Stika si kitu, rola nzima yanunuliwa dukani. Dawa ya kupimia molibdeni pia yapatikana, itieni kwenye mzigo uliofika, msiitie kwenye sampuli, kwa sababu huyu jamaa sampuli yake naamini ni nzuri kweli, mzigo ndio mwingine. Pimeni ukiwa bado gatini kabla hamjamaliza kulipa. Muwe na kipande mnachokijua ni 316 mkilinganishe nacho, rangi za dawa hazifanani chupa zote. Na bei, jamani, nikeli na molibdeni ni ghali, mtu akikuuzia 316 kwa bei ya 304 ya Mombasa jiulize hiyo molibdeni ameilipa nani.

Si lazima kila kitu kiwe 316. Sinki ya jikoni ndani 304 yatosha. Bawaba na makomeo ya milango ya nje, shaba nzito ya kumimina hubadilika rangi lakini haishiki kutu, ila skrubu nazo ziwe za shaba, msikubali za chuma. Reli, ndoano na kila kinachoona upepo wa bahari ndicho cha 316, iliyosuguliwa laini, manake ile yenye mistari mikubwa hushika chumvi. Fundi akichomelea, ile rangi ya buluu pembeni ya weldi aiondoe kwa dawa yake ya asidi, na diski aliyokatia chuma cha kawaida asiitie hapo. Halafu suuzeni kwa maji matamu kila mkipiga deki, mkianzia chini ya makuti.

Waliokwisha kufungiwa na huyu jamaa, fungueni flanji moja leo mtazame chini, haswa reli za ghorofani wanakocheza watoto, na kama boliti zimeliwa fungeni kamba pale watu wasiegemee mpaka zibadilishwe.