Urafiki wa Hitler ujanani: kumbukumbu au kadi za posta?

August Kubizek, rafiki wa Hitler wa ujanani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1953, miaka minane baada ya Hitler kufa. Humo anasimulia usiku mmoja mjini Linz, Austria: wametoka kutazama opera ya Wagner, na rafiki yake anaanza kunena kama mtu aliyekwisha kuiona hatima yake. Hapo nasita, maana msimulizi tayari anaujua mwisho.

Kadi za posta ambazo Hitler alimtumia Kubizek kutoka Vienna Mei 1906 hazina unabii wowote. Kesho anakwenda kutazama Tristan, opera nyingine ya Wagner, basi.

Kwa urafiki naziamini kadi. Wapinzani wake wa mapenzi, wale maofisa waliomzunguka msichana ambaye Hitler alimtamani kwa mbali, wamo kitabuni, nami nawapokea nusunusu.